Ekrani ya buluu: kodi moja haitoshi, angalia namna zinafuatana

Ordinateri inatumika vizuri, kisha gafla ekrani yote inageuka buluu, maandishi machache yanatokea, na mashini inajizima na kujiwasha yenyewe. Kwa Windows 11 ya toka 2025, ekrani hiyo imekuwa nyeusi, lakini maana ni ile ile. Mafundi wengi wanatoa jibu moja: «Tufomati, tutie Windows ingine.» Mara nyingi jibu hilo linafuta kazi za mwenye mashini na linaacha ugonjwa pale pale. Kama bareti ya memuari imeharibika, Windows mpya nayo itaanguka.

Ekrani hiyo si virusi. Windows imekuta jambo ambalo haliwezi kuendelea nalo bila kuharibu fishye zako, na imeamua kusimama. Mbele ya kusimama inaandika sababu, kwa herufi kubwa, kando ya maneno Code d'arrêt. Wengi hawapati muda wa kusoma. Ili ekrani ibaki, andika amri hii kwenye dirisha linalofunguka ukifinya Windows na R pamoja:

```
sysdm.cpl
```

Ingia ndani ya sehemu ya mipangilio ya juu, kisha Démarrage et récupération, na uondoe alama kwenye Redémarrer automatiquement. Toka siku hiyo, weka daftari karibu na mashini. Kila mara andika mambo matatu: kodi, jina la fishye linaloishia na .sys kama linaonekana, na kazi uliyokuwa unafanya. Daftari hilo ndilo litakuonyesha kosa liko wapi.

Memuari: kodi zinabadilika-badilika

Memuari ni ile bareti yenye meno ya rangi ya zahabu, inayochomekwa juu ya karte-meri. Ikiwa na sehemu mbovu, kitu chochote kitakachowekwa pale kinaharibika: leo ni kipande cha Windows, kesho ni kipande cha programu ya kuandikia. Ndiyo maana kodi hazifanani. Utaona MEMORY_MANAGEMENT, kisha PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, kisha IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na zinakuja saa yoyote, hata kama hakuna mtu anayegusa klaviye. Dalili ingine: fishye unayokopi inafika imeharibika, ao kutia Windows kunakatika katikati bila sababu.

Piloti: kodi moja, saa moja

Piloti ni programu ndogo inayofundisha Windows kutumia kifaa fulani: ekrani, rezo, imprimanti. Ikiwa na kosa, inaanguka kila mara kifaa kile kinapotumika. Kodi inarudi ile ile, kwa mfano DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL ao VIDEO_TDR_FAILURE, na pengine jina la fishye linaonekana. Jina nvlddmkm.sys ni la karte ya ekrani ya Nvidia, igdkmd64.sys ni la Intel. Lakini ukiona ntoskrnl.exe, usiihukumu: ni moyo wa Windows wenyewe, na mara nyingi umeangushwa na kitu kingine.

Ili kuhakikisha, washa mashini katika Mode sans échec, ambamo piloti nyingi hazifanyi kazi. Ikikaa siku nzima bila kuanguka, na kwa kawaida inaanguka kila saa, piloti ndiyo ya kushukiwa. Fungua devmgmt.msc, tafuta kifaa, na urudishe piloti ya zamani kwa Restaurer le pilote. Hapo hakuna kipande cha kununua.

Diski: inachelewa kwanza, kisha inaanguka

Diski inayokufa mara nyingi inatoa dalili mapema. Fishye inachukua dakika nzima kufunguka, mashini inaganda huku taa ya diski imebaki imewaka, ao unasikia mlio wa tak-tak ndani. Kisha inakuja KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR: Windows iliomba kitu kutoka kwa diski na haikukipata. Hapa utaratibu unabadilika. Kopi kwanza kazi zako juu ya flashi ao diski ya inje, ndipo ufanye majaribio. Amri ya chkdsk C: /r inasoma diski yote toka mwanzo mpaka mwisho, na diski dhaifu inaweza kufia humo pamoja na kazi zako.

Kiisha kukopi, zima, chomoa umeme, na ubadilishe kwanza ule waya mwembamba unaounga diski na karte-meri. Waya uliolegea unatoa kodi ile ile, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya diski.

Kodi ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE inadanganya watu wengi. Kwa ordinateri za zamani, angalia saa na tarehe kwanza. Kama tarehe imerudi nyuma miaka mingi, ile betri ndogo ya mviringo, CR2032, imekwisha. Umeme ukikatika, karte-meri inasahau mipangilio yake, na namna ya kuongea na diski inaweza kubadilika kati ya AHCI na IDE. Diski ni nzima, ila Windows haiioni tena. Badilisha betri, rudisha mpangilio wa mbele, na mashini itawaka.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue sekretaria karibu na iniversite, yenye ordinateri ya mezani na bareti mbili za Go 4. Ndani ya diski kuna TFC za wanafunzi. Siku ya kwanza, MEMORY_MANAGEMENT wakati wa kuprinti. Siku ya tatu, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, hakuna aliyekuwa mbele ya mashini. Siku ya tano, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Diski haichelewi, hailii. Kodi tatu tofauti, saa tatu tofauti: tunashuku memuari, na hatufomati. Tunaanzisha jaribio:

```
mdsched.exe
```

Mashini inajiwasha upya na kupima memuari. Ikisema kuna kosa, tunazima, tunachomoa waya wa umeme, tunafinya butoni ya kuwashia ili umeme uliobaki utoke, na tunagusa chuma cha kesi. Tunatoa bareti zote mbili, tunasugua meno yake polepole na gomu safi ya kufutia, tunapangusa vumbi lake. Kisha tunarudisha bareti moja tu, mpaka tusikie «tak», na tunapima tena. Tuseme bareti ya kwanza inapita. Ya pili inaleta kosa mahali pa kwanza, na tena mahali pa pili. Basi bareti yenyewe ndiyo mbovu. Kama kosa lingebaki mahali pamoja hata kwa bareti nzima, ingekuwa karte-meri.

Sekretaria itaendelea na Go 4, polepole kidogo, mpaka bareti ingine ipatikane. TFC ziko pale.

Jaribio likisema hakuna kosa, haimaanishi memuari imetakata. Lirudie usiku mzima, wakati umeme uko imara. Likikatika katikati, anza upya. Na kama bareti zote zinapita lakini kodi zinaendelea kubadilika, pima alimantasyo na joto. Umeme unaopanda na kushuka, ao vantilatere iliyojaa vumbi, vinaweza kuiga kabisa ugonjwa wa memuari.