Tafuta miguu kwanza: ngoma za kwetu mbele ya kamera, 1950 hadi leo

Kuna dada kwenye kikundi chetu hapa Kigali, akisikia ngoma tu mabega yanaanza kwenda yenyewe. Lakini mwekee filamu uone: dakika kumi hazipiti, ameshalala. Anasema hadithi inamchosha, hajui nani ni nani. Basi tukaanza kumtafutia filamu za kumfaa, na tukajikuta tumeingia kwenye historia.

Mwanzoni tulikosea. Tulikuwa tunachagua kwa hadithi, wakati mcheza ngoma anaangalia mwili. Ndipo tukajiwekea maswali matatu. Miguu inaonekana? Kamera inakaa na mchezaji muda gani kabla ya kuhamia kwingine? Na mlio tunaousikia, ni wa ngoma hiyo hiyo tunayoiona?

Swali la miguu si la mchezo. Intore wanafunga amayugi, zile njuga za mguuni, kwa hiyo mguu wenyewe ni chombo cha muziki. Kamera ikimkata mchezaji kiunoni, nusu ya ngoma imepotea.

Filamu ya kwanza tuliyoipima ni "King Solomon's Mines" ya 1950. Kampuni ya MGM kutoka Hollywood ilikuja kupiga picha Afrika Mashariki, ikafika hadi Ruanda-Urundi, wakati huo ikiwa chini ya Ubelgiji. Hadithi ni ya Wazungu wanaomtafuta mtu aliyepotea, na ngoma ya intore inatokea kuelekea mwisho. Kwa swali la mlio inafanya vizuri: haikuwekewa okestra kama filamu nyingine za zamani zile, unasikia ngoma na sauti za watu. Ilipata Oska mbili, ya upigaji picha na ya uhariri.

Shida iko kwingine. Ngoma pale ni mandhari tu ya safari ya wageni. Mnyarwanda aliyeigiza Umbopa ametajwa kwa jina, Siriaque, lakini waliocheza ngoma hawakutajwa mmoja mmoja. Mwaka 1959 MGM ikatoa filamu nyingine, "Watusi", ikachukua vipande vya ile ya kwanza na kuvitumia tena. Ukitafuta ngoma, usipoteze muda na hiyo ya pili. Chukua ile ya 1950, ruka moja kwa moja hadi ngoma.

Mwaka huo huo wa 1950, kule Paris, jarida la Présence Africaine liliagiza filamu kuhusu sanamu za Kiafrika. Ikatoka mwaka 1953, "Les statues meurent aussi", kazi ya Chris Marker, Alain Resnais na Ghislain Cloquet. Ina dakika 30 tu, na haina hadithi ya kufuatilia. Sanamu zilizoonyeshwa zilikuwa kwenye makumbusho ya Ulaya, yakiwemo yale ya Kongo ya Wabelgiji. Filamu inauliza kitu kinakuwaje kikitolewa mikononi mwa watu waliokuwa wakikitumia na kufungiwa kwenye kabati la kioo. Sehemu ya mwisho inaushambulia ukoloni waziwazi, na serikali ya Ufaransa ikaizuia kwa miaka zaidi ya kumi. Kama rafiki yako ni mchongaji au mchoraji, mwanzishie na hii.

Yule dada wetu tulimwanzishia na "Neptune Frost" ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ambaye ni Mnyarwanda na ndiye aliyeshika kamera. Hadithi iko Burundi, lakini walipiga picha hapa Rwanda, na baadhi ya wasanii ni Warundi waliokimbilia huku. Mavazi ni kazi ya Cedric Mizero, msanii wa hapa hapa, na mengine yana vipande vya kompyuta zilizokufa. Tuseme ukweli, hadithi yake ni ngumu, hata sisi tulipotea mara mbili. Kwa hiyo hatukumwambia aifuate. Tulimwonyesha tu sehemu ya mwanzo mgodini, wachimbaji wanapomwomboleza mwenzao kwa ngoma.

Hakulala. Aliomba turudishe, akasogea karibu na skrini, akawa anahesabu mapigo kwa vidole. Halafu akauliza swali ambalo filamu ya 1950 isingeweza kumjibu: hawa wanaopiga ngoma ni akina nani? Tukaacha filamu iende hadi mwisho kabisa, majina yanapopita. Akayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, na kwenye majina ya Kirundi alikuwa anatusahihisha sisi matamshi.