Nusukipenyo cha kiini cha atomu

Nusukipenyo cha kiini cha atomu hukua kwa kipeuo cha tatu cha namba ya masi, A: R ≈ 1.2 × A^(1/3) femtomita. Alumini, yenye A = 27, hupata femtomita 3.6, risasi, yenye 208, hupata 7.1. Chembe zimeongezeka karibu mara nane, nusukipenyo mara mbili tu. Ujazo basi hukua sambamba na masi, na densiti hubaki takribani 2.3 × 10^17 kg/m³. Sababu ni ufupi wa masafa ya nguvu ya kinyuklia: kila protoni au neutroni huvutwa na jirani zake tu, na zikikaribiana mno husukumana. Kanuni hulegea kwa viini vyepesi. Lithi-11, ambayo neutroni zake mbili huzunguka mbali, ni pana kuliko inavyotabiriwa.