Umepata intanship Mwanza? Soma haya kabla hujasaini barua na mkataba

Umemaliza chuo, umezungusha bahasha za maombi kuanzia Nyegezi hadi Ilemela, na leo simu imelia: "Njoo Jumatatu, umepata nafasi." Ukifika unakabidhiwa karatasi mbili. Moja ni barua ya kukukaribisha, nyingine ni mkataba wa mafunzo. Wengi husoma barua kwa furaha, halafu wanasaini mkataba bila kuufungua.

Kosa linaanzia hapo. Barua inakwambia ufike lini na umuone nani. Mkataba ndio unaosema utajifunza nini, nani atakusimamia, utalipwa nini na utaondokaje. Ugomvi ukitokea mwezi wa 4, karatasi itakayowekwa mezani ni mkataba.

Tuchukue mfano wa eneo letu. Mhitimu wa stashahada ya uchakataji wa samaki anaingia kwa miezi 6 kwenye idara ya ubora ya kiwanda cha minofu ya sangara. Kiwanda hiki ni cha mfano tu, lakini kazi zake ndizo zinazofanyika kwenye viwanda vya samaki vya ukanda huu wa ziwa.

Barua iwe fupi na ya vitendo

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inaweza kusomeka hivi:

"Karibu kwenye idara ya ubora. Utaanza Jumatatu saa 1:30 asubuhi. Ukifika getini mwulize Msimamizi wa Maabara. Njoo na nakala ya cheti, kitambulisho na majibu ya vipimo vya afya. Gharama ya vipimo italipwa na kiwanda. Koti, kofia ya nywele na buti utapewa hapa. Siku ya kwanza utafundishwa usafi na usalama, hutaingia kwenye uzalishaji. Masharti yote yapo kwenye mkataba, na pale barua hii inapotofautiana na mkataba, mkataba ndio utakaofuatwa."

Angalia mambo mawili. Vipimo vya afya vimetajwa pamoja na mlipaji, kwa sababu anayegusa chakula lazima apimwe, na usipouliza mapema unaweza kujikuta unatoa hela yako. Halafu hakuna ahadi ya ajira. Barua ikisema "ajira itafuata", hakikisha mkataba nao unasema hivyo. Kama hausemi, usikatae ofa nyingine kwa kutegemea sentensi hiyo.

Malengo: yaandikwe kwa kitu kinachopimika

Mikataba mingi ina mstari mmoja tu: "Mhitimu atajifunza shughuli za idara ya ubora." Kwa mstari huo, hata ukikaa miezi 6 unatoa fotokopi na kupokea simu, kiwanda kitasema kimetimiza.

Kwa mhitimu wetu, lengo la mwezi wa 1 liandikwe hivi: "Ataweza kuhakiki kipimajoto kwenye maji yenye barafu, kupima joto la sangara kwenye mapokezi, kujaza fomu na kueleza ni mzigo upi unakataliwa na kwa nini."

Lengo hili linakaguliwa kirahisi. Kipimajoto kikizamishwa kwenye mchanganyiko wa maji na barafu nyingi kinatakiwa kisome karibu na nyuzi 0. Kikisoma 3, vipimo vyote vya siku hiyo vina shaka. Kisha sindano yake inachomwa sehemu nene ya samaki, siyo juu ya ngozi iliyogusana na barafu, maana hapo namba itakuwa nzuri wakati ndani samaki ana joto. Msimamizi akisimama pembeni dakika 10 atajua kama umeiva.

Miezi inayofuata iende kwa mtindo huohuo. Mwezi wa 2 na wa 3 ni usafi kwenye meza za kukatia minofu na kupima klorini kwenye maji ya uzalishaji. Mwezi wa 4 ni maabara. Mwezi wa 5 ni kumbukumbu za mfumo wa usalama wa chakula: hatua ipi ya uzalishaji inalindwa, kwa kipimo gani, na nini kinafanyika kipimo kikivuka mpaka. Mwezi wa 6 ni ripoti. Kila lengo liwe na tarehe na nafasi ya saini ya aliyelihakiki.

Usimamizi: jina, muda na mtu wa pili

"Utasimamiwa na idara" maana yake hakuna anayekusimamia. Mkataba utaje jina na cheo cha msimamizi, na mtu wa kushika nafasi yake akiwa likizo. Utaje pia muda wa kukutana. Nusu saa kila Ijumaa inatosha, kupitia daftari la kazi na kulisaini. Daftari hilo ndilo ushahidi wako. Wiki 3 zikipita bila saini, peleka taarifa kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu.

Mkataba useme pia usichoruhusiwa kufanya peke yako. Mhitimu wetu asiingie chumba cha kugandishia bila mwenzake, asichanganye kemikali za usafi bila kusimamiwa, na asiachiwe zamu ya usiku akiwa yeye ndiye ofisa ubora pekee. Ukiumia, nani anakupeleka hospitali na nani analipa? Jibu liandikwe sasa, siyo siku ya ajali.

Lipo na jambo ambalo watu hulionea aibu. Awepo mtu wa kupokea malalamiko ambaye siyo msimamizi wako. Msimamizi anayetaka ngono ili akusainie daftari au akupe cheti anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kupitia namba 113. Tunza meseji, usizifute kwa hasira.

Posho: piga hesabu kabla ya kufurahi

Tuseme umeahidiwa Sh150,000 kwa mwezi. Unaishi Nyegezi, kiwanda kipo Ilemela, unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Tukiweka Sh600 kila gari, ni Sh2,400 kwa siku. Chakula cha mchana tuweke Sh2,500. Kwa siku 26 za kazi, nauli ni Sh62,400 na chakula Sh65,000. Jumla ni Sh127,400. Unabaki na Sh22,600, na kodi ya chumba bado hujagusa.

Hesabu hii haimaanishi ukatae. Inakuonyesha cha kuomba. Kiwanda kikikupa mlo wa mchana au nafasi kwenye basi la wafanyakazi, hiyo ni zaidi ya nyongeza ya Sh50,000, na mara nyingi bosi hukubali hilo haraka kuliko kuongeza fedha taslimu. Kikikubali, liandikwe.

Kifungu cha posho kijibu maswali manne: kiasi gani, tarehe ngapi, kwa njia ipi, na ukiugua siku 2 inakuwaje. Kama ni kwa simu, iandikwe nani anabeba gharama ya kutolea. Maneno "posho italipwa kulingana na hali ya kampuni" yanampa mwajiri ruhusa ya kutolipa. Omba yafutwe.

Neno "intanship" halifuti sheria ya kazi

Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa mafunzo haya kwa wahitimu. Lengo ni mtu apate uzoefu, siyo kuziba pengo la mfanyakazi aliyeondoka. Lakini wapo wanaofanya hivyo: mtu anaitwa mwanafunzi, kumbe anashika zamu nzima kama mwajiriwa.

Hapo kuna kifungu cha kukijua. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinaorodhesha dalili za mtu kuhesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kufanya kazi kwa kuelekezwa na mwingine, kupangiwa saa za kazi, kupewa vifaa, na kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Dalili moja inaweza kutosha.

Mhitimu wetu anafikisha saa 45 ndani ya wiki moja tu. Kwa hiyo kinachotofautisha mafunzo na ajira ya bei rahisi ni yaliyomo ndani: malengo, usimamizi, daftari, tarehe ya mwisho. Mkataba mzuri unamlinda na mwajiri pia. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, madai ya malipo yanatakiwa yafunguliwe ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Ukikaa unangoja huruma, muda unakwisha.

Mwenendo: yako na yao

Kanuni za kiwanda cha samaki ni kali na zina sababu. Hakuna pete wala kucha ndefu. Ukiwa na kuharisha au kidonda mkononi unatoa taarifa kabla ya kuingia, na mkataba useme kwamba kutoa taarifa hiyo hakukatwi posho. Bila hivyo watu huficha, na samaki anachafuliwa.

Simu haiingii kwenye uzalishaji. Picha za maabara, majina ya wanunuzi na matokeo ya vipimo siyo vya kuweka status. Taarifa za wafanyakazi wenzako nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini uombe kwa maandishi ruhusa ya kutumia baadhi ya kazi zako kwenye ripoti, la sivyo utaondoka mikono mitupu.

Adhabu nazo ziwe na ngazi: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kisha kusitishwa. Kila upande utoe taarifa ya siku kadhaa, mfano 14, kabla ya kuvunja mkataba. Iandikwe pia kuwa ukimaliza utapewa barua inayotaja kazi ulizofanya, siyo tu kwamba "alikuwepo".

Siku ya kusaini

Omba uondoke na mkataba usiku mmoja ukausome nyumbani. Palipo wazi, kama jina la msimamizi au kiasi cha posho, pajazwe kabla ya saini yako. Saini nakala mbili, kila ukurasa, na uondoke na moja. Piga picha ya kurasa zote ujitumie kwenye barua pepe, maana simu huibiwa na karatasi hulowa. Ukiambiwa "saini tu, nakala utapewa baadaye", omba uipige picha hapohapo kabla kalamu haijagusa karatasi.