Mwaka mmoja wa mgahawa wetu, na miaka mingi ya wateja wa mama ntilie

Mgahawa wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, umetimiza mwaka mmoja mwezi huu. Naandika kuwashukuru wateja, ila shukrani hizi siwezi kuzianzia mwaka jana. Kazi ya kuwapikia watu walio kazini katika jiji hili ina historia, na mteja wa kudumu ndiye aliyeibeba.

Mama ntilie waliongezeka sana mitaani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuacha hazina tupu, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na sukari, sabuni na unga vilipatikana kwa foleni. Mshahara haukufikisha familia mwisho wa mwezi. Ndipo wanawake wengi, wakiwamo wake za makarani na za wafanyakazi wa viwandani, walipotoa masufuria nje. Asubuhi uji na maandazi. Mchana wali au ugali kwa maharage, jirani na viwanda, bandari na majengo yanayojengwa.

Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Kila mwenye nguvu alitakiwa kuwa na kazi inayotambuliwa, na aliyekutwa hana kitambulisho aliweza kukamatwa na kupelekwa kijijini kulima. Aliyelisha watu tangu alfajiri naye aliweza kuhesabiwa mzururaji.

Mama yangu alikuwa mmoja wa mama ntilie hao. Aliwapikia makuli na mafundi chini ya mwarobaini, na wao ndio waliomtonya kila msako ulipokaribia. Mmoja alibeba sufuria la wali, mwingine la mchuzi, wakaingia nayo ua wa jirani. Mama akabaki amejitanda kanga kama mtu anayesubiri basi. Jioni sahani zilirudi zimeoshwa, na hela ya chakula ililetwa kesho yake. Hakuna aliyemdhulumu. Nimekua nikiyasikia majina ya watu wale nyumbani kama majina ya ndugu.

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza biashara, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi mwaka 1985 wafanyabiashara wadogo wakapata nafuu. Hata hivyo kufukuzwa barabarani hakukwisha. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 viliwapa wengi, kwa mara ya kwanza, karatasi ya kuonyesha.

Kilichokuwa kikiwashikilia mama ntilie miaka yote hiyo ni daftari la wateja. Wasioijua kazi hii huliona daftari la mkopo kama hasara inayosubiri siku yake, na kweli ukimkopesha kila anayepita utafunga mlango mapema. Lakini daftari la watu unaowajua ndilo linalokuambia upike kiasi gani.

Chukulia mchele. Kwetu kilo moja hutoa sahani sita za kushibisha fundi, kwa hiyo kilo tano ni sahani thelathini. Zikibaki sahani nane jioni, umemwaga zaidi ya kilo moja ya mchele, pamoja na mafuta, nazi na gesi yake, na faida ya siku imekwenda nayo. Ukiogopa ukapika kilo tatu, saa saba mchana watu wanageuka mlangoni na kesho hawarudi. Miezi ya mwanzo hilo ndilo lililotutesa. Wali wa kubaki ulikuwa mwingi hata nikawa naona aibu kuwatazama wasaidizi wangu jikoni.

Kisha wakatuzoea mafundi wa gereji, wauza vipuri na vijana wa kupakua mizigo. Nikaanza kuona kwenye daftari kwamba Jumatatu wanakula ugali na dagaa kwa sababu hela ya wikiendi imekwisha, na kwamba tarehe za mwisho wa mwezi samaki hawatoshi. Fundi akipata gari la kwenda kutengeneza Kibaha, ananipigia asubuhi kwamba leo watu wake wanne hawaji. Simu hiyo ya nusu dakika inaniokolea sahani nne. Nadhani wenyewe hawajui thamani yake, ndiyo maana naiandika hapa.

Asanteni sana, kaka zangu na dada zangu. Mlituvumilia maharage yalipochelewa kuiva kwa sababu hayakulowekwa usiku, na mkatuambia mbele yetu, si pembeni, mchuzi ulipozidi chumvi. Mliokopa mmelipa, na waliokwama walikuja wenyewe kueleza.

Ijumaa hii tunapika pilau ya nyama, kilo kumi na tano za mchele, na kachumbari. Wote mlio kwenye daftari mnakula bure, na sahani hiyo haiandikwi. Mnaofanya kazi za usiku, nipigieni kabla ya saa nne asubuhi mniambie mko wangapi, niwawekee.