Cheti cha kati kukosekana katika mnyororo wa vyeti

Kukosekana kwa cheti cha kati ni kasoro ya usanidi ambapo seva hutuma cheti cha tovuti peke yake, bila cheti cha mamlaka iliyokitia sahihi, hivyo baadhi ya programu hukataa kuunganishwa nayo ilhali vivinjari huifungua tovuti ileile bila onyo lolote. Kasoro hii huwapotosha mafundi wengi, kwa kuwa chombo wanachokimbilia kuhakikisha kwamba tovuti ni nzima, yaani kivinjari, ndicho kinachoificha.

Cheti cha tovuti kwa kawaida hakitiwi sahihi na cheti cha mzizi, ambacho ndicho kilele cha imani na ambacho nakala yake huhifadhiwa ndani ya kompyuta na simu. Ufunguo wa siri wa mzizi hufungiwa mbali na mtandao, ukatumika mara chache tu kutia sahihi vyeti vya kati, na hivyo ndivyo vinavyobeba kazi ya kila siku ya kuidhinisha tovuti. Mamlaka ya Let's Encrypt, kwa mfano, ina mzizi uitwao ISRG Root X1, uliotia sahihi cheti cha kati kiitwacho R11, nacho R11 kilitia sahihi vyeti vya tovuti hadi 2025. Programu inayounganishwa na seva inaujua mzizi lakini si lazima ikijue cheti cha kati; kwa sababu hiyo kanuni za itifaki ya TLS humtaka mwenye seva atume cheti chake pamoja na vya kati, na kumruhusu auache mzizi.

Vivinjari huokoka kwa njia mbalimbali. Ndani ya cheti cha tovuti mna anwani ya mahali kinapopatikana cheti cha aliyekitia sahihi, na Chrome na Safari zinaweza kuifuata anwani hiyo na kukipakua kiungo kilichokosekana. Firefox haifanyi hivyo. Yenyewe hukumbuka vyeti vya kati ilivyokutana navyo kwenye tovuti nyingine, na tangu 2020 imekuwa ikivipakua mapema vile vinavyotambuliwa na Mozilla. Programu ya `curl` kwenye Linux, maktaba za Python na mazingira ya Java katika hali yake ya kawaida hazina msaada huo, kwani hutegemea kile tu kilichotumwa na seva pamoja na mizizi zilizonayo.

Tuchukue duka la mtandaoni ambalo wateja wake wanaagiza bidhaa kwa kivinjari bila shida, lakini taarifa za malipo kutoka kwenye mfumo wa mshirika hazifiki kamwe. Mshirika akijaribu kwa `curl` hupata ujumbe huu:

```
curl: (60) SSL certificate problem: unable to get local issuer certificate
```

Ujumbe huo hausemi kwamba cheti kimeisha muda au ni cha kughushi. Unasema kwamba aliyekitia sahihi hakupatikana. Uthibitisho hupatikana kwa kuitazama seva yenyewe inatuma nini:

```
openssl s_client -connect duka.example.com:443 -servername duka.example.com -showcerts
```

Katika sehemu iitwayo `Certificate chain`, seva yenye kasoro huonyesha cheti namba 0 pekee, ambacho mstari wake wa `i:` unakitaja cheti cha kati kuwa mtoaji, na hakuna cheti namba 1 kinachomtambulisha mtoaji huyo. Mwishoni husomeka `Verify return code: 21`. Chanzo cha kawaida kwenye nginx ni kuandika faili la `cert.pem`, lenye cheti cha tovuti tu, mahali pa `fullchain.pem`, lenye cheti hicho kikifuatwa na cha kati:

```
ssl_certificate /etc/letsencrypt/live/duka.example.com/fullchain.pem;
```

Mpangilio ndani ya faili ni muhimu, kwa kuwa cheti cha kati kikitangulia, nginx hukilinganisha na ufunguo wa siri wa tovuti, ikaona havilingani, ikakataa kuanza. Baada ya kusahihisha, usanidi hukaguliwa kwa `nginx -t`, seva ikasoma upya faili zake, kisha amri ya `openssl` ikarudiwa hadi cheti namba 1 kionekane.

Wapo wanaomshauri mshirika azime ukaguzi wa vyeti, jambo linalomwachia yeyote aliye njiani nafasi ya kujifanya duka na kupokea taarifa za malipo, na halipaswi kukubaliwa hata kwa siku moja. Wengine humtaka aongeze cheti hicho cha kati kwenye hifadhi yake ya vyeti. Hilo hufanya kazi mpaka cheti cha tovuti kitakapohuishwa na kutiwa sahihi na cheti kingine cha kati, kisha tatizo hurudi. Kasoro iko kwenye seva, na huko ndiko inakorekebishwa.