Nukta ya mtoweko katika kupachika kibao au samani kwenye picha ya chumba

Nukta ya mtoweko ni mahali pichani ambapo mistari iliyo sambamba katika chumba halisi huonekana kukutana ikirefushwa. Mistari yote iliyolala sawa na sakafu, iwe ya ukuta, rafu au meza, hukutania kwenye mstari mmoja wa mlalo uitwao mstari wa upeo, na mstari huo hupita pichani katika kimo kilekile cha kamera. Fundi wa picha anayetaka kuweka kibao cha duka au kabati jipya ndani ya picha ya chumba kwa kawaida hushughulika kwanza na ile mistari inayokutana, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Makala hii inashikilia kwamba wa kutafutwa kwanza ni mstari wa upeo. Mistari inayokutana huonyesha kitu kimeelekea wapi. Mstari wa upeo huonyesha ukubwa wake, mahali kiliposimama na nyuso zake zinazopaswa kuonekana, na hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika.

Tuchukue chumba cha duka cha kawaida huko Marambo, Nachingwea, mkoani Lindi: kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari. Sakafu ya namna hiyo haina mstari wa kufuata. Kenchi na mabati huonekana wazi na humvuta mtu azitumie, lakini ni mtego. Paa limeinama, na mistari inayopanda kuelekea ndani ya chumba hukutana juu ya upeo, huku inayoshuka ikikutana chini yake. Anayerefusha kona za bati ili apate upeo ataupandisha au ataushusha mno bila kujua. Mistari ya kuaminika ni ile iliyopimwa kwa pima maji: safu za matofali, kingo za rafu, juu ya fremu ya mlango na ya dirisha. Refusha safu mbili za matofali za ukuta wa pembeni, moja ya juu na moja ya chini, hadi zikutane. Upeo hupita hapo. Safu ya tatu ikikataa kupita karibu na nukta hiyo, ama safu mojawapo ilijengwa kwa kuyumba, ama lenzi imeipinda. Kuta mbili zisizo sambamba zitakuwa na nukta mbili tofauti, lakini zote mbili zitakaa kwenye upeo uleule, na hii ni sababu nyingine ya kuutegemea upeo kuliko nukta moja.

Upeo ukishapatikana, kipimo huja chenyewe. Tuseme picha ina upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000, simu ilishikwa bila kuinamishwa juu wala chini, na upeo umepita katikati, pikseli 1500 kutoka juu. Mlango wa ukuta wa nyuma una kimo cha mita 2, na pichani umechukua pikseli 1200. Kutoka kizingiti chake hadi kwenye upeo ni pikseli 900. Hiyo ni robo tatu ya mlango, kwa hiyo kamera ilikuwa mita 1.5 juu ya sakafu. Tangu hapo, popote unapogusa sakafu pichani, umbali wa kutoka hapo hadi kwenye upeo ni mita 1.5. Meza ya sentimita 75 itafika nusu ya umbali huo. Kabati la mita 1.8 litaupita upeo kwa sehemu moja ya tano ya umbali huo. Likisimama mahali ambapo sakafu iko pikseli 900 chini ya upeo, litakuwa na pikseli 1080. Likisogezwa mbele hadi sakafu iwe pikseli 1125 chini ya upeo, litafika pikseli 1350. Fundi akiliacha na pikseli 1350 huku miguu yake iko pale pa kwanza, mistari yake yote inaweza kukutana barabara, na bado atakuwa amemwonyesha mteja kabati la mita 2.25.

Kibao cha ukutani ni rahisi zaidi, kwa kuwa ni bapa. Kitu bapa kilichopigwa picha kutoka upande wowote kinaweza kunyooshwa na kulazwa upya kwa kusogeza pembe zake nne, na hiyo ndiyo kazi ya zana iitwayo `Perspective` katika GIMP. Katika picha nyingine ya ukubwa uleule, kamera ikiwa katikati ya chumba cha upana wa mita 4, kibao cha urefu wa mita 2 kilichoanzia mita 4 mbele ya kamera na kuishia mita 6 kwenye ukuta wa kulia kitakuwa na ukingo wa karibu kwenye pikseli 3500 na wa mbali kwenye pikseli 3000, kwa lenzi kuu ya simu nyingi. Kosa la kawaida hapa liko kwenye herufi. Katikati halisi ya kibao haiko kwenye 3250. Iko kwenye 3200: nusu iliyo karibu huchukua pikseli 300, ya mbali 200. Mtu aliyevuta pembe kwa zana isiyojua kina, inayobana kimo tu, atapata herufi za upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na kibao kitaonekana kama kabari iliyobandikwa. Namna ya kukagua ni kuchora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ya kibao. Inapokatana ndipo katikati ya maandishi panapopaswa kuwa.

Samani si bapa, na hapa zana hiyohiyo hufika mwisho wake. Kabati lenye kina cha nusu mita lililopigwa picha karakana kwa umbali wa mita 2 huwa na ukingo wa nyuma wenye asilimia 80 ya kimo cha ukingo wa mbele. Likitazamwa kutoka mita 5, ukingo huo hufika asilimia 91. Unaweza kuulazimisha uso mmoja ukae sawa, ukauharibu wa pili. Na uso ambao kamera haikuuona hauwezi kuzalishwa kwa kuvuta pembe. Kochi lililopigwa picha na mtu aliyesimama karibu huonyesha sehemu kubwa ya kikalio. Likiwekwa ndani ya chumba kilichopigwa na mtu aliyechuchumaa, linaonekana kama linateleza kuja mbele. Kwa hiyo picha ya samani ipigwe kwa kimo na umbali uleule wa picha ya chumba, na pembe ileile, hata kama hilo linamtaka fundi atoke nje ya karakana na kurudi nyuma hatua kadhaa. Samani kugeuzwa kimshazari si tatizo, kwani nukta zake mbili zitakuwa zake peke yake, ilimradi zikae kwenye upeo wa chumba.

Kuna wanaosema watazamaji hawajali haya yote. Ushahidi wao si mdogo: wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa, bila kujali kama upeo wa mchoro ulilingana na wa kamera. Lakini pazia lilikuwa pambo, na mteja alijua hivyo alipolichagua. Picha ya kabati la mninga ndani ya chumba cha mnunuzi inajibu swali tofauti: je, litapita chini ya dirisha, litaacha nafasi ya mlango kufunguka? Mtazamaji huenda asiweze kulitaja kosa la upeo, lakini atapima kwa macho na kuagiza kwa kipimo hicho.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha za simu hazifuati hesabu safi. Ni kweli kwa sehemu. Lenzi pana, inayoandikwa `0.5x` kwenye skrini, hupinda mistari karibu na kingo, na kanuni ya uwiano huko haishiki hadi mpindo urekebishwe. Simu iliyoinamishwa chini nayo huupandisha upeo juu ya katikati ya picha na kuzifanya kona za kuta zikaribiane kuelekea chini, yaani mistari ya wima inapata nukta yake ya tatu. Hapo ukingo wa kabati usiachwe wima kabisa pichani. Ufuate mwelekeo wa kona ya ukuta iliyo karibu nalo, na vipimo vya kimo vichukuliwe kwenye mlango au rafu iliyo umbali uleule badala ya kuvihamisha kutoka mbali.