Shilingi iliposhuka, pamba ya Didia ilijibu nini?

Mwaka 1979 Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati huo Waziri wa Fedha, alijiuzulu uwaziri. Alikuwa ametofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, mojawapo likiwa kushusha thamani ya shilingi. Ubishi huo uliendelea hadi Rais Ali Hassan Mwinyi alipokubaliana na Shirika hilo mwaka 1986. Dola iliyouzwa shilingi 17 ilifika karibu 40 mwezi Juni, na mwisho wa 1989 ilikuwa karibu 190.

Waliotaka shilingi ishuke walisema bidhaa zetu zitakuwa rahisi nje, za kigeni zitapanda bei hapa, na urari wa biashara utatengemaa. Waliopinga walijibu kuwa mafuta na vipuri hununuliwa hata vikipanda bei. Wote walikuwa wanabishana juu ya sharti ambalo wanauchumi Alfred Marshall na Abba Lerner walikuwa wameliweka wazi zamani: jumlisha unyumbufu wa mahitaji ya bidhaa tunazouza nje na ule wa bidhaa tunazoagiza. Jumla ikizidi 1, kushuka kwa sarafu huboresha urari. Isipofika 1, huuharibu.

Unyumbufu ni kipimo cha jinsi mnunuzi anavyoitikia bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nchi inauza bidhaa za shilingi 100 na kuagiza za 100, kisha dola inapanda kwa asilimia 10. Unyumbufu wa mauzo ukiwa 0.4, wa uagizaji 0.3, mauzo yanaongezeka hadi 104. Uagizaji unapungua kwa asilimia 3, lakini kila kitu kimepanda kwa asilimia 10, hivyo gharama inafika takribani 106.7. Tumepoteza 2.7. Weka 0.9 na 0.6, na mauzo yanakuwa 109 huku uagizaji ukiwa 103.4. Hapo tumepata 5.6.

Lakini sharti hilo linaanza na nchi yenye urari sawa, na Tanzania ya 1986 haikuwa hivyo: tuliagiza zaidi ya mara mbili ya tulichouza. Rudia hesabu kwa mauzo 100 na uagizaji 300, kwa unyumbufu ule ule mzuri wa 0.9 na 0.6. Mauzo yanafika 109, uagizaji 310.2, na nakisi ya 200 inakua hadi 201.2. Ukiipima kwa dola, hata hivyo, imepungua, kwa kuwa kila shilingi sasa ina thamani ndogo. Kwa hiyo anayesema nakisi imekua na anayesema imepungua wanaweza wote kuwa sahihi. Muulize kwanza anapima kwa sarafu gani.

Kwa mkulima wa Didia, Shinyanga Vijijini, tatizo lilikuwa kwingine kabisa. Bei ya pamba duniani huwekwa kwa dola, na sisi ni wauzaji wadogo, hivyo kilichopatikana kingeuzwa. Mahitaji hayakutubana. Kilichotubana ni uwezo wa kuzalisha na kusafirisha, ambao sharti la Marshall na Lerner hudhani hauna kikomo. Bei ya mkulima ilitangazwa na Serikali, na pamba ikapita chama cha msingi, chama kikuu cha ushirika, kisha bodi. Shilingi za ziada zilizotokana na dola ghali zilipita mikono hiyo yote kabla ya kumfikia aliyepalilia. Mavuno yalipokuwa mazuri miaka ya mwisho ya 1980, viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa vimechakaa na magari na mabehewa hayakutosha, pamba ikakaa maghalani. Wanunuzi binafsi, ambao wangeweza kushindana na mikono hiyo, hawakuruhusiwa hadi 1994.

Dhahabu ilijibu haraka zaidi, na kwa sababu tofauti. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua kwa wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya magendo, dhahabu iliyosajiliwa iliruka. Sehemu kubwa ilikuwa ikichimbwa tangu awali, ila ilikuwa inavuka mipaka kimya kimya. Anayepima unyumbufu kwa takwimu za forodha za miaka hiyo ataona mauzo yakiitikia kwa nguvu kushuka kwa shilingi, wakati kilichobadilika ni njia ya kuuzia. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, lina nia hiyo hiyo ya kuirudisha dhahabu kwenye njia rasmi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: mwaka 1986 shilingi ilikuwa imepandishwa mno na ilibidi ishuke, ila kushusha sarafu pasipo kumfikishia mkulima bei, gari na kiwanda kinachofanya kazi kulifanya sehemu ndogo tu ya kazi iliyoahidiwa.